Ujumbe wa Kumpokea Zamu Anayeuguza Mzazi

Anayemuuguza mzazi aliyepooza kwa kiharusi huchoka zaidi usiku. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, kwa sababu ngozi ya makalio, nyonga na visigino ikilaliwa muda mrefu hukosa damu na kufanya vidonda. Usingizi wa muuguzaji huja vipande vipande, na kukikucha yanamsubiri mashuka ya kufua, uji na dawa za presha. Miezi ikipita, anaanza kusahau kama dozi ameshaitoa, anamfokea mgonjwa kisha analia peke yake, na kwenye shughuli za watu haonekani tena.

Rafiki akiyaona haya, mara nyingi huandika: “Pole sana, ukihitaji chochote niambie.” Nia ni njema, lakini maneno hayo humwongezea kazi aliyechoka. Itabidi afikirie anachohitaji, akisie kama rafiki ana nafasi, kisha aombe. Kuomba ndiko kugumu, hasa kwa mtoto anayeona kwamba kumwachia mtu mwingine mzazi wake ni kumtupa. Hujibu “asante, tunaendelea,” na mambo huishia hapo.

Ujumbe unaosaidia hutaja siku, saa na kazi, kisha humwachia nafasi ya kukataa. Chukua mfano wa mwanamke wa Dar es Salaam anayemuuguza mama yake aliyepooza upande wa kulia. Shoga yake anaweza kumwandikia hivi:

“Shoga, pole na kuuguza. Jumamosi nataka nikae na mama kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, wewe ukalale kwangu. Funguo nitakuletea. Alhamisi jioni nitapita unionyeshe unavyomlisha na kumgeuza. Chakula cha mchana nitakuja nacho. Kama Jumamosi haifai, Jumapili pia nina nafasi. Usijisumbue kujibu sasa hivi.”

Sentensi ya Alhamisi ndiyo yenye uzito kuliko zote. Anayeuguza hukataa msaada kwa hofu kwamba mgonjwa atadhurika yeye akiwa hayupo, na hofu hiyo ina msingi. Kiharusi huweza kudhoofisha kumeza, na chakula kikiingia kwenye njia ya hewa huweza kuleta nimonia. Kwa hiyo rafiki hujifunza kumketisha mgonjwa wima, kumlisha kidogo kidogo kwa kijiko, na kumwacha ameketi kama nusu saa baada ya kula. Mgonjwa akikohoa wakati wa kula, au sauti yake ikawa kama ina majimaji, kulisha husimamishwa na muuguzaji hupigiwa simu. Katika kumgeuza, mkono uliopooza hauvutwi, maana bega lake huteguka kwa urahisi. Ngozi nayo hukaguliwa: kwenye ngozi nyeusi wekundu huwa hauonekani vizuri, hivyo hutazamwa sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, yenye joto au iliyokuwa ngumu inapoguswa.

Dawa na saa zake ziandikwe kwenye karatasi, pamoja na namba ya simu ya jirani wa karibu. Uso ukipinda upya, mkono au mguu mwingine ukilegea ghafla, au usemi ukipotea, hilo si jambo la kungoja muuguzaji aamke. Mgonjwa hukimbizwa hospitali mara moja.

Yapo pia ya staha. Mama anaweza kukataa kuogeshwa na mtu asiye mwanawe, na baba vivyo hivyo. Rafiki asilazimishe. Kuogesha kufanyike kabla hajafika, naye abaki na kulisha, kugeuza na kufua. Mgonjwa mwenyewe aulizwe mapema, hata kama hawezi kusema. Wengi waliopoteza usemi bado wanaelewa wanayoambiwa.

Ofa ya mahali pa kulala si jambo dogo. Katika nyumba ya vyumba viwili, anayeuguza akibaki humo ataamka kila mama anapoguna. Wala asialikwe matembezi siku hiyo. Deni lake kubwa ni la usingizi.

Saa sita hazifuti uchovu wa miezi. Ndugu wengine wa mgonjwa wana sehemu yao, na rafiki anaweza kuomba ruhusa ya kuzungumza nao ili wachange fedha za msaidizi wa usiku au wapangiane zamu. Muuguzaji akisema ametamani kufa, au amempiga mgonjwa, ujumbe hautoshi tena: rafiki aende siku hiyo hiyo, ahakikishe mgonjwa yuko salama na mtu mwingine, kisha amsindikize mwenzake kituo cha afya.

Mambo yakienda vizuri, tarehe ya zamu ya pili ipangwe Jumamosi hiyo hiyo, kabla rafiki hajaondoka, ili anayeuguza asilazimike kuomba.