Tone la Rangi Kabla ya Tone la Dawa

Mbwa mwenye uso bapa na macho ya kutokeza, tuseme wa aina ya pagi, anarudi kutoka uani akiwa amefumba jicho la kushoto. Machozi yanamtiririka na mwanga unamuumiza. Nyumbani kimebaki kichupa cha dawa ya macho aliyoandikiwa mtoto. Lebo inasema neomaisini na deksamethazoni. Mbwa anatiwa. Kesho yake wekundu umepungua, na kila mtu anaamini amepona.

Hajapona. Deksamethazoni ni steroidi: hutuliza wekundu upesi, iwe kilichousababisha kimeondoka au kingalipo. Ikiwa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ina kidonda, steroidi huzichelewesha seli za juu zisitambae kukiziba, hudhoofisha kinga dhidi ya bakteria, na huvipa nguvu vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama ya konea. Kioo chenyewe kina unene wa takriban nusu milimita tu. Bakteria wakali wakiingia, kidonda huweza kulainika kikawa kama ute wa kijivu, na jicho likatoboka kwa siku chache au hata saa chache. Neomaisini iliyomo kwenye kichupa haifuti madhara hayo.

Kwa macho matupu, kidonda kidogo hakionekani kwa urahisi. Hapo ndipo daktari wa mifugo anapochukua kijikaratasi chenye rangi ya machungwa iitwayo fluoresini, akakilowesha kwa maji ya chumvi safi na kukigusisha upande wa ndani wa kope, si kwenye konea. Mbwa akipepesa, rangi husambaa. Daktari huisafisha iliyozidi, hupunguza mwanga chumbani na kumulika kwa taa ya buluu. Ngozi ya juu ya konea ina mafuta, kwa hiyo rangi haipenyi. Palipochubuka, tabaka la chini linalopenda maji huinywa, na kidonda hung'aa kijani.

Kuna mtego mmoja. Kidonda kikichimba hadi utando wa mwisho kabisa, utando huo haushiki rangi. Huonekana duara la kijani lenye kitovu kisicho na rangi, na asiyejua atadhani katikati pamepona, kumbe jicho limekaribia kupasuka. Hiyo ni dharura ya upasuaji.

Kwa pagi wetu, kama mchubuko ni wa juujuu, steroidi inakoma mara moja. Hupewa matone ya antibiotiki pekee mara kadhaa kwa siku, pengine atropini ya kupunguza maumivu, na kola pana ya shingoni asijikune. Mchubuko wa namna hiyo kwa kawaida huziba ndani ya wiki moja, na daktari hurudia rangi ili kuthibitisha. Ikiwa kijani bado kipo, hutafuta kinachokwaruza: unyasi ulionasa nyuma ya kope la tatu, unywele uliootea ndani, au jicho lisilotoa machozi ya kutosha.