Sekunde mbili zinapokuwa nyingi mno: hesabu ya joto na mpaka wa hatua ya muda

Chukua nondo ya chuma yenye urefu wa sentimita 20, uipashe moto katikati, kisha uondoe moto. Sote tunajua kitakachotokea. Katikati patapoa, sehemu za jirani zitapata joto, na baada ya muda nondo nzima itakaribiana. Hakuna sehemu itakayozidi joto la pale palipochomwa, wala hakuna itakayopoa kuliko ilivyokuwa kabla moto haujawashwa. Ila hesabu inayofuata joto hilo kwenye kompyuta, ikiwekewa hatua ya muda iliyo ndefu kidogo tu kuliko inavyostahili, inaweza kutoa jibu kwamba nondo hiyo imepoa kupita baridi yoyote inayowezekana duniani. Kosa la namna hii halitokani na mashine mbovu, wala na mlinganyo mbaya. Lina sababu moja, na sababu hiyo yaweza kuonekana kwa kalamu na karatasi.

Mlinganyo wenyewe ni wa Mfaransa Joseph Fourier, aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1822. Unasema jambo ambalo akili inalikubali mara moja: halijoto ya mahali hubadilika kwa kadiri inavyotofautiana na wastani wa majirani zake. Penye joto kuliko pembeni patapoa, na penye baridi kuliko pembeni patapata joto. Kasi ya mabadiliko hayo inategemea kitu kilichotengenezwa na nini. Kwa chuma cha kaboni kama cha nondo, kipimo cha kasi hiyo, kinachoandikwa kwa herufi α, ni takriban sentimita mraba 0.125 kwa sekunde.

Kompyuta haiwezi kufuata kila chembe ya nondo, kwa hiyo tunaweka pointi kila baada ya umbali fulani, Δx, na tunasonga mbele kwa hatua za muda, Δt. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuchukua halijoto tulizo nazo sasa na kuzitumia moja kwa moja kupata za hatua inayofuata, bila kutatua chochote kingine. Yote hukusanyika katika namba moja:

r = α·Δt / Δx²

na kanuni ya kila pointi ni hii:

mpya = r × jirani wa kushoto + (1 − 2r) × yenyewe + r × jirani wa kulia

Kwenye Python kazi nzima ni mistari michache:

```python
r = alfa * dt / dx**2
for n in range(hatua):
    upya = T.copy()
    upya[1:-1] = T[1:-1] + r*(T[2:] - 2*T[1:-1] + T[:-2])
    T = upya
```

Tuifanyie kazi nondo yetu. Tuweke pointi kila sentimita 1 na hatua ya sekunde 2. Hapo r ni 0.125 × 2 / 1, yaani 0.25. Tuhesabu halijoto kama nyuzi za Selsiasi juu ya joto la chumba, ili nondo iliyotulia iwe 0, na pointi moja ya katikati tuipe 100. Baada ya sekunde 2 katikati panasomeka 50, na kila jirani 25. Baada ya sekunde 4 tunapata 6.25, 25, 37.5, 25, 6.25. Kilima kinashuka na kupanuka, kama inavyopaswa. Ukijumlisha namba hizo unapata 100 kila mara, maana joto halijapotea, limehama tu.

Sasa anakuja mtu makini anayetaka picha nzuri zaidi. Anaongeza pointi, moja kila nusu sentimita. Hatua ya muda anaiacha vilevile, sekunde 2, kwa sababu ilifanya kazi vizuri. Kwa kufanya hivyo Δx² imekuwa robo ya ilivyokuwa, na r imeruka kutoka 0.25 hadi 1. Kanuni inageuka kuwa: jumlisha majirani wawili, kisha ondoa halijoto ya pointi yenyewe. Tukianza tena na pointi moja yenye 100, hatua ya kwanza inatoa 100, −100, 100. Ya pili inatoa 100, −200, 300, −200, 100. Ya tatu inatoa 100, −300, 600, −700, 600, −300, 100.

Zitazame namba hizo za mwisho. Zimepita sekunde 6 tu, na katikati ya nondo panasomeka nyuzi 700 chini ya joto la chumba, ilhali baridi ya mwisho inayowezekana ni nyuzi 273 na ushei chini ya sifuri. Halafu fanya jambo moja zaidi: zijumlishe. Utapata 100 kamili. Jumla ya joto bado ni sahihi kabisa! Hili naliona ni la hatari, kwa sababu wengi hukagua hesabu zao kwa kutazama kama joto lote limehifadhiwa, na wakiona limehifadhiwa wanaridhika. Ukaguzi huo hauwezi kunasa kosa hili hata kidogo. Kompyuta nayo hailalamiki. Itaendelea kuzidisha namba kwa karibu mara tatu kila hatua, hadi baada ya hatua mia sita na ushei, ambazo ni kama dakika 20 za nondo, ndipo zitakapozidi uwezo wake na skrini ianze kuandika `inf` na `nan`.

Sababu imo ndani ya kanuni yenyewe. Angalia uzito wa (1 − 2r) uliobebwa na pointi yenyewe. Uzito wote watatu ukijumlishwa ni 1, kwa hiyo maadamu hakuna ulio hasi, jibu jipya ni wastani wa namba tatu, na wastani hauwezi kuwa mkubwa kuliko iliyo kubwa kuliko zote wala mdogo kuliko iliyo ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo tabia ya joto halisi. Pindi r inapopita nusu, uzito huo unakuwa hasi. Maana yake ni kwamba kadiri pointi inavyokuwa na joto sasa, ndivyo kanuni inavyoilazimisha kuwa baridi baadaye. Katika hatua moja ndefu joto jingi mno limetolewa kwa majirani, kuliko lile lililokuwepo la kutoa, na hatua inayofuata inalirudisha kwa kishindo zaidi. Kwa hiyo mpaka ni huu:

Δt ≤ Δx² / (2α)

Kwa pointi za sentimita 1, nondo yetu inaruhusu hatua isiyozidi sekunde 4. Kwa nusu sentimita, sekunde 1. Yule mtu makini alitumia mara mbili ya alichoruhusiwa.

Mwaka 1928 Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy walionyesha katika makala yao mashuhuri kwamba hatua ya muda haichaguliwi peke yake, bila kutazama umbali kati ya pointi. Katika miaka ya 1940 John von Neumann alitoa njia ya kuupima mpaka huo kwa kuyagawa makosa katika mawimbi na kuuliza kila wimbi linakua au linafifia. Wimbi baya kuliko yote ni la meno ya msumeno: pointi moja juu, inayofuata chini, nyingine juu. Kila hatua wimbi hilo huzidishwa kwa 1 − 4r. Kwa r ya 0.25 linakufa papo hapo. Kwa r ya 0.5 halikui wala halifi. Kwa r ya 0.51 linazidishwa kwa −1.04, na mtu anaweza kusema asilimia nne si kitu. Lakini asilimia nne kila hatua, kwa hatua 1000, inalikuza zaidi ya mara milioni mia kwa milioni mia moja na zaidi. Hata kosa dogo la kukata desimali ndani ya kompyuta, lile la tarakimu ya kumi na sita, litakuwa limekua hadi kufikia nyuzi kadhaa. Ndiyo maana hesabu iliyovuka mpaka kidogo tu huonekana safi mwanzoni, kisha inaharibika ghafla baadaye.

Dalili ya kutazama, basi, ni hayo meno. Ukiona halijoto za pointi zinazofuatana zinapanda na kushuka kwa zamu, na kila pointi inageuza upande wake kila hatua, huku kimo kikiongezeka, usianze kutafuta kosa la uandishi kwenye programu. Punguza hatua ya muda hadi robo na uanze upya. Meno yakitoweka, umepata jibu. Usiongeze pointi ukidhani picha itasafika, kwa kuwa utakuwa unamwagia moto petroli.

Kukaa ndani ya mpaka nako hakutoshi. Kwa r ya nusu kamili, pointi yetu ya 100 inatoa 50, 0, 50, kisha 25, 0, 50, 0, 25. Namba hazilipuki, lakini nondo yenye joto na baridi kwa kupokezana haipo. Kwa r isiyozidi robo meno hayo hayapati nafasi.

Gharama ndiyo inayowafanya watu wavutwe kuvuka mpaka. Kufuata nondo yetu kwa saa nzima, kwa pointi za sentimita 1 na hatua ya sekunde 4, ni hatua 900 kwa pointi kama 20, yaani mahesabu 18,000. Ukitaka pointi za milimita 1, hatua inashuka hadi sekunde 0.04. Hatua zinakuwa 90,000, pointi 200, na mahesabu milioni 18. Umakini wa mara kumi umelipiwa mara elfu. Katika kipande cha chuma kinachohesabiwa kwa urefu, upana na kina, mpaka wa r hushuka hadi moja ya sita, na kila unapopunguza umbali wa pointi kwa nusu kazi huongezeka mara 32.

Njia ya kuukwepa mpaka ipo. John Crank na Phyllis Nicolson waliitoa mwaka 1947: halijoto mpya za pointi zote hutafutwa kwa pamoja, kwa kutatua milinganyo iliyofungamana katika kila hatua. Hapo hatua ndefu hailipui hesabu, ingawa ikiwa ndefu mno meno huweza kuonekana kwa muda kabla ya kufifia, na uandishi wa programu ni mgumu zaidi. Kwa kazi zenye pointi zilizobanana sana, ningeenda huko bila kusita. Kwa nondo moja ya sentimita 20, ile mistari michache ya hapo juu inatosha kabisa. Weka r isizidi robo, na kila unapobadilisha idadi ya pointi, hesabu r upya kabla hujaibonyeza programu ianze.