Usiseme "Ichangamke", Nionyeshe

Wabunifu wa grafiki wanaijua hali hii. Rasimu imetumwa kwa mteja, kisha unaingia ujumbe: "Nzuri, ila ifanye iwe ya kiprofesheno zaidi." Au: "Bado haijachangamka." Mbunifu anabadilisha rangi, anakuza herufi, anatuma tena. Jibu ni lile lile: "Bado." Wakifika rasimu ya nne, wote wawili wamechoka, na kila mmoja anaamini mwenzake hajui anachotaka.

Maneno hayo yanaeleza jinsi mteja alivyojisikia alipoiona kazi. Hisia hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa, lakini haitaji kilichomkera: picha, rangi, nafasi au maandishi. Mbunifu anapaswa kukitafuta kabla hajagusa chochote.

Tuchukue kazi ya kawaida. Mama mmoja anayepika vyakula vya sherehe Dar es Salaam anataka kipeperushi cha ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210. Rasimu ya kwanza ina picha tatu za vyakula, jina la biashara kwa herufi za njano juu ya weupe, orodha ya vyakula na namba ya simu. Anaitazama, anasema: "Mwanangu, naomba iwe ya kiprofesheno, halafu ichangamke." Mbunifu asipouliza, atakisia. Kuna wanaoona uprofesheno katika bluu iliyokolea na nafasi kubwa iliyoachwa wazi, na kuna wanaouona katika rangi ya dhahabu na mapambo. Akikisia vibaya, amepoteza siku.

Swali lenye manufaa ni hili: "Mama, nitumie matangazo mawili unayoyapenda na moja usilolipenda kabisa, hata kama ni ya biashara nyingine." Lile asilolipenda lisisahaulike, kwa kuwa watu wengi hueleza wasichokitaka kwa urahisi kuliko wanachokitaka. Mama anatuma tangazo la hoteli, kadi ya harusi, na bango la duka la simu lililomkera.

Hapa wengi huteleza: wanauchukua mfano na kuuiga. Mama hakuomba kipeperushi chake kifanane na hoteli, kuna kitu kimoja ndani ya tangazo lile kilichomvuta. Kwa hiyo linafuata swali la pili: "Ukilitazama, jicho lako linaanzia wapi?" Anajibu: "Kwenye pilau. Unaona mpaka punje za mchele." Kuhusu kadi anasema jina linasomeka hata kwa mbali. Kuhusu bango: "Limejaa mno, sijui nianzie wapi."

Sasa kuna kazi ya kufanya. Picha za mama zilipitia WhatsApp kama picha za kawaida, na njia hiyo huzipunguza ubora. Picha inayojaza karatasi ya A5 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji takriban pikseli 1,748 kwa 2,480, kwa hiyo mbunifu anaomba picha halisi, zitumwe kama faili. Jina nalo lina tatizo linalopimika: tofauti ya mwanga kati ya njano kamili na nyeupe ni kama 1.07 kwa 1, wakati miongozo ya WCAG ya kurasa za mtandao inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Linabadilishwa kuwa kahawia iliyokolea. Picha tatu zinapungua na kubaki moja kubwa, ya pilau. Kumbe "ichangamke" haikudai rangi kali hata moja.

Rasimu ya pili inatumwa pamoja na maelezo ya kilichobadilika na sababu yake, kisha maswali mawili: jicho linaanzia kwenye pilau? Ukirudi nyuma hatua nne, jina bado unalisoma? Mama anaweza kujibu ndiyo au hapana, na akisema hapana, mbunifu anajua pa kurekebisha.

Mifano nayo ina mipaka yake. Tangazo lililopendwa kwenye simu linang'aa kwa mwanga wa kioo, na baadhi ya rangi hizo, hasa kijani na chungwa kali, hupoa zikichapwa kwa wino wa kawaida. Mteja aoneshwe karatasi moja iliyochapwa kabla ya kuidhinisha nakala zote. Pia mama si msomaji wa kipeperushi chake. Anayelengwa ni mtu anayetafuta mpishi wa harusi ya mwanawe, na pale ladha ya mama inapoficha namba ya simu, mbunifu anapaswa kumwambia hivyo kwa heshima.

Mteja naye anaweza kurahisisha mambo kwa kutaja mahali na tatizo: "Hapa juu maandishi yamebanana," au "Bei siioni haraka." Na wakati mzuri wa kuomba mifano ni siku ya kupokea kazi, kabla ya rasimu yoyote, majibu yakiandikwa pamoja na bei na tarehe ya kukabidhi.