Mfanyakazi Mzuri Anapoaga

Ijumaa jioni, mashine zimezimwa na mafundi wananawa mikono kwa mafuta ya taa, mhasibu wangu aliingia ofisini akafunga mlango nyuma yake. "Mama, samahani, nina neno." Akaniwekea mezani barua ya kampuni nyingine. Kwangu alikuwa analipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Huko walimwahidi 1,500,000.

Nilikuwa naendesha kiwanda kidogo cha uchapishaji Dar es Salaam, na yule dada ndiye aliyejua nani anatudai na nani tunamdai. Moyo ulinipasuka. Hata barua sikuimaliza kuisoma, nikamwambia: "Hiyo milioni moja na nusu nakulipa mimi. Usiende." Akashukuru, akatoka. Nikajiona nimeokoa jahazi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Sikumuuliza ameshasaini au bado, wala kule wanataka jibu lini. Kikubwa zaidi, sikumuuliza kwa nini alianza kutafuta. Mtu haandiki maombi ya kazi, akaomba ruhusa ya uongo kwenda kwenye usaili, kwa sababu ya jambo lililomtokea jana. Kuna kitu kimemkaa rohoni kwa miezi, na barua iliyoko mezani ndiyo mwisho wa safari hiyo.

Kosa la pili lilikuwa hesabu, na hili nataka waajiri wenzangu walitazame vizuri, kwa sababu wengi tunapandisha dau bila kushika kalamu. Nyongeza ile ilikuwa 300,000. Kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara aliye NSSF, kwa mgawanyo wa kawaida wa mchango, asilimia 10 inatoka kwenye mshahara wake, yaani 30,000. Zinabaki 270,000. Kipato kinachozidi shilingi milioni 1 kwa mwezi, baada ya kuondoa mchango huo, kinakatwa kodi ya asilimia 30. Yeye alikuwa ameshapita hapo, kwa hiyo kodi ikachukua 81,000. Mkononi zikamfikia 189,000. Upande wangu nilitoa zile 300,000, nikaongeza mchango wangu wa NSSF wa 30,000, na bado tozo ya ufundi stadi sijaiweka. Mimi nilihisi nimetoa 330,000 na ushei. Yeye alihisi amepewa 189,000. Ukikaa chini na mfanyakazi mkaangalia namba hizo pamoja, mara nyingi mazungumzo yanahama yenyewe kutoka kwenye mshahara kwenda kwenye kile kilichomchosha.

Wiki mbili baadaye walinijia wawili wa ofisi hiyohiyo. Habari za mshahara hazikai ndani ya kuta za kiwanda. Hawakufoka, waliuliza tu kwa adabu: "Mama, na sisi tulete barua?" Sikuwa na jibu. Kwa kitendo kimoja nilikuwa nimewafundisha kwamba kwangu anayetulia na kazi anasahaulika, na anayetafuta pengine ndiye anayeonekana.

Mwezi wa nane yule dada akaondoka vilevile. Safari hii nilimuuliza. Alikuwa anasomea CPA, madarasa ni ya jioni, na mimi nilikuwa namshikilia ofisini hadi saa mbili usiku kufunga hesabu za siku. Alichotaka ni kutoka saa kumi na moja, siku tatu kwa wiki. Hesabu zile zingeweza kufungwa kesho yake asubuhi. Ningeweza kumbakiza bila kuongeza hata senti.

Tangu hapo, mtu akiniletea habari ya aina hiyo, nampongeza kwanza, kwa moyo mweupe, maana ni sifa kutafutwa. Kisha namuuliza maswali yangu: Umeshasaini? Wanataka jibu lini? Na hili ndilo kubwa: kama ningekulipa sawa na wao kuanzia kesho, ungebaki? Halafu nanyamaza. Akijibu "ndiyo" papo hapo, tatizo ni pesa. Akisitasita, akaanza "unajua Mama…", linalofuata hapo ndilo la kusikiliza. Siku hiyo sitaji kiasi chochote. Naomba siku mbili, na nazitimiza.

Kama tatizo ni pesa kweli, najiuliza kama nafasi ile ina thamani hiyo hata akiishika mtu mwingine. Ikiwa nilikuwa nalipa chini ya soko, napandisha, na nawapandishia wote wanaofanya kazi sawa na yake, siyo mwenye barua peke yake. Nisipoweza kuwapandishia wote, simpandishii yeye. Tukikubaliana, yanaandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri arekebishe maelezo ya ajira kwa maandishi mambo yanapobadilika. Ahadi ya mdomo, "tutaangalia mwakani", ndiyo inayomrudisha mtu sokoni akiwa na hasira zaidi.

Kuna wa kuwaachia bila kuvutana. Aliyepata ajira ya serikali hutashindana naye kwa laki mbili; anafuata utulivu na pensheni. Anayeleta barua kila mwaka anakutumia kama ngazi. Na kuna aliyekua kupita kiwanda chako.

Huyo wa mwisho nilimpata kwa fundi wangu wa mashine ya rangi nne. Fundi yule alikuwa akisikia mlio wa rola tu anajua wino umezidi. Kiwanda kikubwa kilimtaka awe msimamizi wa zamu, mashine tano chini yake. Nilipomuuliza lile swali langu, hakusitasita: "Hapana, Mama. Nimefika mwisho hapa. Una mashine moja." Alisema kweli. Pesa yoyote ningempa, asubuhi angekuta mashine ni ileile moja.

Kwa anayelipwa kwa mwezi, taarifa ya kuacha kazi kisheria ni siku 28. Wapo waajiri wanaozitumia kumnunia mtu, au wanamfukuza siku hiyohiyo bila kumlipa za taarifa. Mimi nilizitumia kuhamisha ujuzi. Wiki ya kwanza kijana msaidizi alimtazama fundi na kuandika. Wiki ya pili na ya tatu kijana alishika mashine, fundi akasimama pembeni mikono nyuma. Wiki ya nne fundi alikaa ghala, haji mpaka aitwe. Hapo ndipo tulipogundua yasiyoandikwa: kwamba karatasi nyembamba msimu wa mvua inabidi ilale chumba cha mashine usiku mzima kabla ya kuchapwa, la sivyo inajikunja na rangi hazikai mahali pake. Lisingejulikana siku ile, tungelijua kwa kuharibu kazi ya mteja.

Siku ya 28 nilimlipa mshahara wake na siku za likizo alizokuwa hajachukua, nikampa na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake kisheria. Kijana alibaki na daftari la mkono, na ukurasa wa mbele fundi aliandika namba yake ya simu. Katika mwaka uliofuata tulimpigia mara nne. Mara zote alipokea.