Kaka Aliyeko Maskati Aingie Pichani

Familia imekutana Tanga kwa harusi, ikapigwa picha uani saa kumi alasiri, jua likitokea kushoto. Kaka mkubwa hakupata ruhusa kazini Maskati. Mama anataka picha ya ukutani yenye wanawe wote, na fundi wa studio anaulizwa kama anaweza kumwingiza. Anaweza, ila kazi huharibika au kufaulu mapema, pale inapochaguliwa picha ya kaka ya kutumia.

Wengi huchagua ile aliyotabasamu vizuri. Fundi hodari hutazama kwanza pua. Katika picha ya uani, kivuli cha pua ya kila mtu kimelala upande wa kulia, na kingo zake ni kali kwa kuwa jua halikuwa na wingu. Kaka akiwa amepigwa ndani kwa flashi ya usoni, kivuli hicho hana, na ni vigumu mno kumpaka jua ambalo halikumpiga. Kivuli kikiwa upande wa pili, picha inaweza kupinduliwa kushoto-kulia, lakini vifungo vya shati vitahama, na mama ataona alama ya shavuni imehamia shavu jingine.

Kisha kimo. Dada atakayesimama naye ana sentimita 160, na pichani, kutoka kisigino hadi utosini, anachukua pikseli 1,600. Kaka ana sentimita 175, basi apewe pikseli 1,750, nyayo zao zikiwa mstari mmoja. Wengi hukosea kwa kulinganisha kichwa chake na cha mama aliyeketi mbele. Aliye karibu na kamera huonekana mkubwa, kwa hiyo kaka hutokea na kichwa kinachowazidi wote wa safu ya nyuma. Na kama picha yake ina pikseli 600 tu, ukiikuza atakuwa na ukungu kati ya watu wanaoonekana hadi nyuzi za kanga. Hapo ni afadhali kupunguza picha nzima na kuichapisha ndogo.

Akishakatwa, awekwe nyuma kidogo ya bega la dada, limfunike, aonekane kweli yumo kundini. Kivuli chake cha chini hutengenezwa kwenye leya ya Multiply: kiwe cheusi na kikali kwenye viatu, kisha kififie kadiri kinavyokwenda mbali, kikifuata upande wa vivuli vya wenzake. Halafu picha igeuzwe kwa muda kuwa nyeusi na nyeupe. Nywele za kaka zikionekana za kijivu kando ya nywele za dada, weusi wake unashushwa kwa Curves.

Picha zake zote zikikosa mwanga unaofaa, apigiwe simu apigwe nyingine: asimame nje alasiri, jua likiwa kushoto kwa mpigaji, simu ishikwe usawa wa kifua, mita nne hivi kama ilivyokuwa uani. Mpigaji asimsogelee, maana kamera ya karibu huvimbisha pua.