Kijumlishi Kimoja, Kazi Mbili: Maelezo ya Mwanafunzi Yapimwa

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa kompyuta alitakiwa aeleze, kwa sentensi chache, kwa nini kompyuta haihitaji saketi ya pekee ya kutoa. Aliandika hivi: "Namba hasi hupatikana kwa kugeuza biti zote za namba chanya, kisha kuongeza moja. Kwa hiyo 5 kutoa 3 huwa ni 5 kujumlisha hasi 3, na kijumlishi kilekile hufanya kazi zote mbili. Saketi hugeuza biti, huongeza moja, halafu ndipo hujumlisha. Biti ya ziada ikitokea upande wa kushoto, jibu limefurika na si sahihi."

Ukisoma haraka, maelezo yote yanaonekana kukubalika. Ukiyapima sentensi kwa sentensi, mbili za kwanza zinasimama, ya tatu inayumba, na ya nne ni kosa lenye madhara.

Njia anayoieleza inaitwa kijalizo cha mbili, na ndiyo inayotumiwa na karibu kila prosesa ya leo kuandika namba nzima zilizo chanya na hasi. Mantiki yake ni ya zamani kuliko umeme. Mashine ya kukokotoa aliyoibuni Blaise Pascal mwaka 1642 ilikuwa na magurudumu yaliyozunguka upande mmoja tu, kwa hiyo iliweza kujumlisha lakini haikuweza kurudi nyuma. Ili kutoa, mtumiaji alilazimika kupitia kwenye kijalizo.

Chukua 725 kutoa 348. Badala ya kutoa moja kwa moja, toa 348 kwenye 999 upate 651. Hatua hii haina kukopa hata mara moja, kwa sababu hakuna tarakimu inayozidi 9. Ongeza 1 upate 652. Sasa jumlisha: 725 na 652 ni 1377. Futa ile 1 ya maelfu, inabaki 377, ambalo ndilo jibu. Siri ni kwamba 652 ni 1000 kutoa 348. Tuliongeza elfu moja bila kusema, na mwishoni tukaifuta.

Kwenye biti nne mambo ni yaleyale, ila mahali pa 999 panakaa 1111, yaani 15, na mahali pa 1000 panakaa 16. Kutoa namba kwenye 1111 ni rahisi mno: kila 0 inakuwa 1 na kila 1 inakuwa 0. Kugeuza biti, basi, ndiyo hiyo kutoa kwenye 15. Ukiongeza moja unapata 16 kutoa namba yako. Ukijumlisha na namba ya kwanza, jibu linakuja likiwa limezidi kwa 16, na 16 hiyo ni biti ya tano, ambayo haina nafasi katika biti nne. Sentensi ya kwanza na ya pili za mwanafunzi zimethibitika, ingawa hakuonyesha kwa nini.

Sentensi ya tatu inahitaji kutazama saketi yenyewe. Katika maabara nyingi za vyuo hutumika chipu mbili za bei ndogo. Moja ni 74LS283, kijumlishi cha biti nne. Nyingine ni 74LS86, yenye malango manne ya XOR. Lango la XOR lina tabia moja inayofaa sana hapa: likipewa 0 kwenye mguu mmoja, biti inayoingia mguu wa pili hupita kama ilivyo, likipewa 1, biti hiyo hutoka imegeuzwa. Kwa hiyo unapitisha biti nne za namba ya pili kwenye malango manne, na waya mmoja wa kuamuru unaunganishwa kwenye mguu wa pili wa malango yote. Waya ukiwa 0, saketi inajumlisha. Ukiwa 1, namba ya pili inageuzwa.

Je, ile moja ya kuongeza inatoka wapi? Mwanafunzi anadhani kuna hatua yake ya pekee, kana kwamba saketi inajumlisha mara mbili. Ingekuwa hivyo, tungehitaji kijumlishi cha pili, na dai lake la kijumlishi kimoja lingeanguka. Ukweli ni kwamba kijumlishi kina mlango wa kupokea biti inayobebwa kutoka safu iliyotangulia, na kwenye 74LS283 mguu huo umeandikwa C0. Safu ya kwanza kabisa haina iliyoitangulia, hivyo wakati wa kujumlisha mguu huo hauna kazi. Wabunifu waliunganisha waya uleule wa kuamuru kwenye C0. Waya mmoja unageuza biti na wakati huohuo unaleta ile moja. Hakuna hatua ya kwanza wala ya pili, kujumlisha ni kumoja tu.

Hii hapa 5 kutoa 3 jinsi inavyopita ndani ya chipu:

```
   0101    5
   1100    3 iliyogeuzwa
+     1    inayoingia C0
-------
 1 0010    2, na 1 iliyobebwa nje
```

Anza kulia. Safu ya kwanza ina 1, 0 na ile 1 ya C0: jumla ni mbili, unaandika 0 na kubeba 1. Safu ya pili ina 0, 0 na 1 iliyobebwa: unaandika 1, hubebi kitu. Safu ya tatu ina 1 na 1: unaandika 0, unabeba 1. Safu ya nne ina 0, 1 na 1 iliyobebwa: unaandika 0, na 1 inatoka nje. Jibu ni 0010, yaani 2.

Kwa waliowahi kuandika programu za prosesa ya 6502, iliyotoka mwaka 1975 na kutumika kwenye kompyuta za Apple II, ile moja ya C0 si jambo la vitabuni. Amri yake ya kutoa, SBC, hugeuza namba ya pili na kuchukua ile moja kutoka kwenye biti ya kubeba, ambayo mwandishi wa programu mwenyewe anapaswa kuiwasha kwa amri SEC. Akisahau na biti hiyo ikawa imezimwa, 5 kutoa 3 inaleta 1. Jibu linalopungua kwa moja kamili ndiyo dalili ya kosa hilo.

Sasa sentensi ya nne, ambayo ndiyo ya kutiliwa mkazo zaidi. Itazame tena hesabu iliyo hapo juu: biti ya ziada imetokea kushoto, na jibu ni sahihi kabisa. Mfano wake mwenyewe unampinga.

Kinyume chake pia kipo. Jumlisha 5 na 6 kwa biti nne: 0101 na 0110 zinatoa 1011. Hakuna kilichobebwa nje, kwa hiyo kwa kanuni ya mwanafunzi jibu ni zuri. Lakini katika kijalizo cha mbili biti nne zinaanzia hasi 8 na kuishia 7, na 1011 inasomeka hasi 5. Namba mbili chanya zimezaa hasi. Huko ndiko kufurika, na hakukupiga kengele yoyote kwenye biti ya tano.

Kanuni sahihi inatazama safu ya mwisho kushoto, ile inayobeba alama ya namba. Linganisha biti iliyobebwa kuingia kwenye safu hiyo na iliyobebwa kutoka. Zikifanana, jibu ni sahihi. Zikitofautiana, limefurika. Katika 5 kutoa 3 iliingia 1 na ikatoka 1, salama. Katika 5 na 6 iliingia 1 lakini ikatoka 0, kufurika. Lango moja zaidi la XOR linatosha kulinganisha biti hizo mbili, na prosesa nyingi huhifadhi jibu lake kwenye bendera yake ya pekee, mbali na bendera ya kubeba.

Ukubwa wa kosa unaweza kuhesabiwa hadi mwisho, kwa kuwa biti nne zina jozi 256 tu za kujumlisha. Biti ya ziada hutokea katika jozi 120, lakini kati ya hizo ni 36 tu zilizofurika kweli. 84 zina majibu sahihi yanayotiliwa shaka bure. Na zipo jozi 28 zilizofurika bila biti ya ziada kutokea, ambazo kanuni yake inazipitisha. Jumla anakosea mara 112 kati ya 256. Mwanafunzi akijaribu mifano miwili mitatu anaweza asigundue. Programu ya mistari michache inayopitia jozi zote ingemwonyesha mara moja.

Biti ya ziada ina maana yake, ila kwa namba zinazosomwa bila alama, yaani kuanzia 0 hadi 15. Hapo, katika kujumlisha, inasema jibu limepita 15. Katika kutoa inasema kinyume: ikitokea, hakuna kilichokopwa, isipotokea, namba ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Jaribu 3 kutoa 5 kwenye saketi ileile: utapata 1110 bila biti ya ziada. Ukiisoma kwa alama ni hasi 2, jibu sahihi. Ukiisoma bila alama ni 14, na kukosekana kwa biti ya ziada ndiko kunakukumbusha kwamba ulikopa.

Hapa ndipo maelezo ya mwanafunzi yanapodai kidogo kuliko haki yake. Saketi hii haitumikii kujumlisha na kutoa pekee. Inatumikia pia namba zenye alama na zisizo na alama bila kujua ni zipi ilizopewa. Ndiyo maana RISC-V ina amri moja ya kujumlisha rejista mbili, `add`, na moja ya kutoa, `sub`. Kulinganisha ni habari nyingine: 1111 ni ndogo kuliko 0001 ikiwa ni hasi 1, na ni kubwa ikiwa ni 15. Kwa hiyo RISC-V imelazimika kuwa na `blt` kwa namba zenye alama na `bltu` kwa zisizo nazo.

Imebaki dosari moja ndogo katika sentensi ya kwanza. Hasi 8 ni 1000. Igeuze upate 0111, ongeza moja, inarudi 1000 ileile. Chanya 8 haimo katika biti nne, kwa hiyo kanuni ya kugeuza na kuongeza moja inafanya kazi kwa namba zote isipokuwa hiyo ya chini kabisa. Bendera ya kufurika huwaka hapo pia.

Sentensi mbili za mwisho za mwanafunzi zingepaswa kusomeka hivi: saketi hugeuza biti kwa malango ya XOR na kupokea ile moja kupitia C0, yote katika kujumlisha kumoja, na jibu lenye alama limefurika pale tu biti iliyobebwa kuingia safu ya mwisho inapotofautiana na iliyotoka.