Kuyatambua Magita kwa Picha

Ukitazama picha ya bendi ya muziki wa dansi, utaona watu wawili au watatu walioshika magita. Kwa haraka utadhani magita hayo ni ya aina moja, kwani kila moja lina mwili, shingo ndefu na nyuzi. Lakini mmoja wa wapigaji hao hutoa sauti nyembamba za solo, na mwingine hutoa sauti nzito za besi. Vyombo vyao si sawa.

Katika somo hili utajifunza kutofautisha magita ya aina nne kwa kutazama picha tu. Magita hayo ni gita la klasiki, gita la akustiki, gita la umeme na gita la besi. Utajifunza pia kwa nini nyuzi zinazofaa gita moja huweza kuliharibu gita jingine.

Mwili wa gita

Umekwisha kujifunza kwamba sauti hutokana na mtetemo. Chukua mpira mwembamba, uuvute kati ya vidole vyako, kisha mwenzako auguse. Utasikia sauti ndogo sana. Sasa uvute mpira huo juu ya mdomo wa kopo tupu, uuguse tena. Sauti imeongezeka, kwa sababu kopo na hewa iliyomo ndani yake vinatetema pamoja na mpira.

Gita la klasiki na gita la akustiki hufanya kazi kwa njia hiyo. Mwili wa kila moja ni sanduku tupu la mbao nyembamba, na usoni pana tundu la mviringo. Uzi unapotetema, ubao wa usoni na hewa ya ndani hutetema pia. Watu wengi huyaita magita haya mawili gita kavu, kwa kuwa hulia bila umeme.

Gita la umeme na gita la besi kwa kawaida hayana sanduku. Mwili wake ni ubao mmoja mnene usio na uwazi ndani. Ukiligusa uzi wake bila umeme, utasikia sauti hafifu tu. Chini ya nyuzi zake huwekwa vinasa. Kinasa ni kifaa chenye sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana. Uzi wa chuma unapotetema karibu na sumaku hiyo, umeme mdogo hutokea katika waya wa shaba. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya, ukakuzwa, ukatoka katika spika ukiwa sauti.

Kwa hiyo, swali la kwanza la kuiuliza picha ni hili: je, usoni pa gita pana tundu, au pana vinasa na vitufe vya kuzungusha? Jibu lake litakuonyesha umo katika jozi ipi.

Daraja

Tazama sasa upande wa chini wa uso wa gita, pale nyuzi zinapoishia. Sehemu hiyo huitwa daraja. Hapa ndipo utakapotenganisha gita la klasiki na gita la akustiki, ambayo kwa mbali hufanana sana.

Nyuzi tatu nyembamba za gita la klasiki ni za nailoni tupu, kama mshipi wa kuvulia samaki. Nyuzi tatu nene zina nailoni ndani, nazo zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Zamani nyuzi za gita hili zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama. Za nailoni zilianza kutumika katika miaka ya 1940. Kwa kuwa nailoni ni laini, hufungwa fundo. Kila uzi hupitishwa katika kitundu cha daraja, hurudishwa juu na kujifunga wenyewe. Katika picha utaona mafundo sita madogo yaliyopangwa mstari mmoja.

Nyuzi za gita la akustiki ni za chuma. Uzi wa chuma haufungwi fundo hapo. Mwisho wake una kipete kidogo, ambacho hutumbukizwa ndani ya sanduku kupitia tundu la daraja. Kisha tundu hilo huzibwa kwa kijiti ili uzi usichomoke. Vichwa vya vijiti hivyo huonekana katika picha kama vifungo sita vya shati, vyeupe au vyeusi.

Daraja la gita la umeme na la gita la besi si la mbao, bali ni la chuma. Kila uzi hukalia kiti chake kidogo cha chuma, chenye skrubu za kukirekebisha. Ukiona viti sita, hilo ni gita la umeme. Ukiona vinne vikubwa, hilo ni gita la besi.

Shingo

Katika shingo ya gita mmelazwa vijiti vyembamba vya chuma, mfano wa mataruma ya reli. Katika somo hili tutaviita mataruma. Mpigaji akibana uzi nyuma ya taruma, sehemu ya uzi inayotetema huwa fupi zaidi, na sauti hupanda.

Shingo ya gita la klasiki ni pana. Karibu na kichwa upana wake ni kama milimita 52, na kwa kawaida haina alama usoni. Shingo ya gita la akustiki ni nyembamba zaidi, kama milimita 43, nayo huwa na vidoa vya kumwonyesha mpigaji mahali. Penye taruma la 12 kwa kawaida huwa na vidoa viwili. Katika gita la klasiki mwili huanza penye taruma hilo la 12, lakini katika magita mengi ya akustiki huanza penye la 14. Kichwa cha gita la klasiki nacho kina nafasi mbili ndefu zilizotobolewa, na nyuzi huzungushwa humo ndani. Vichwa vingi vya gita la akustiki havikutobolewa hivyo.

Shingo ya gita la besi ni ndefu kuliko zote. Sehemu ya uzi inayotetema ina urefu wa milimita 864 hivi katika magita mengi ya besi, lakini katika gita la umeme ni kama milimita 648. Nyuzi za besi ni ndefu na nene kwa sababu uzi mrefu na mzito hutetema polepole, na mtetemo wa polepole hutoa sauti nzito. Uzi mnene kabisa wa gita la kawaida hutetema mara 82 hivi kwa sekunde. Ule wa besi hutetema mara 41 tu. Gita la besi la umeme lililoenea duniani lilianza kuuzwa na Leo Fender wa Marekani mwaka 1951. Kabla yake, wapiga besi walitumia chombo kikubwa cha kusimama, kirefu kuliko mtu.

Kuisoma picha moja

Tuseme shule imepewa gita lisilo na nyuzi mpya, na mwalimu anataka kuagiza nyuzi kutoka mjini. Alichonacho ni picha tu. Kichwa cha gita kimekatwa na ukingo wa picha, na mkono wa aliyelishika umefunika nusu ya shingo. Rangi yake ni ya hudhurungi inayong'aa. Je, ataagiza nyuzi za nailoni au za chuma?

Kwanza anatazama mwili. Pana tundu la mviringo, wala hapana vinasa. Basi gita hili ni la klasiki au la akustiki. Pili anatazama daraja. Nyuzi kuukuu zimepinduka nyuma na kujifunga. Hapana vijiti vyenye vichwa. Dalili hii ni ya klasiki. Tatu anatafuta dalili nyingine ya kuthibitisha. Katika nusu ya shingo inayoonekana, ile iliyo karibu na mwili, haoni kidoa hata kimoja. Tena shingo ni pana. Dalili tatu zimekubaliana, naye anaagiza nyuzi za nailoni.

Je, angekosea ingekuwaje? Nyuzi sita za nailoni zikikazwa huvuta daraja kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Gita la klasiki limejengwa kwa mbao nyepesi, na daraja lake limegandishwa kwa gundi tu. Likifungwa nyuzi za chuma, ubao wa usoni huanza kuvimba nyuma ya daraja. Baadaye ufa mwembamba hutokea chini ya daraja, hata ukingo wa karatasi ukaweza kupenya. Mwishowe daraja hung'oka. Mtu akiuona ufa huo, na azilegeze nyuzi siku hiyo hiyo.

Kwa upande mwingine, nyuzi za nailoni haziliharibu gita la umeme, lakini vinasa vyake havitazisikia. Sumaku haina kazi juu ya nailoni.

Mambo yanayopotosha

Usiamini rangi, kwani gita la aina yoyote huweza kupakwa rangi yoyote. Usiamini ukubwa peke yake, kwani kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa. Hata idadi ya nyuzi ina mipaka yake: yapo magita ya besi yenye nyuzi tano, na magita ya akustiki yenye nyuzi 12. Ukiwa na shaka, tazama unene wa nyuzi na urefu wa shingo. Nyuzi zisipoonekana, hesabu vigingi vya kukazia kichwani, kwa maana kila uzi una kigingi chake.

Tena, baadhi ya magita ya akustiki yana tundu la kuchomekea waya wa umeme ubavuni. Hayo bado ni ya akustiki, kwa sababu sanduku lake hulia lenyewe.

Maswali

1. Kwa nini gita la umeme halihitaji sanduku tupu?
2. Picha inaonyesha gita lenye tundu la mviringo na vichwa sita vya vijiti kwenye daraja. Ni gita gani? Nyuzi zake ni za nini?
3. Picha nyingine inaonyesha daraja la chuma lenye viti vinne na shingo ndefu. Ni gita gani?
4. Eleza kwa nini nyuzi nene na ndefu hutoa sauti nzito.
5. Tafuta picha ya gita katika gazeti au kalenda. Andika dalili tatu ulizoziona, kisha taja aina yake.